Neno lisiloeleweka kwenye barua pepe ni gharama mpakani

Wafanyabiashara wengi wanaovusha mizigo kati ya nchi za Afrika Mashariki sasa hupokea maelekezo ya wakala wa forodha kwa barua pepe, wakayasoma kwenye simu, kisha wakamtumia dereva au karani sehemu inayomhusu. Barua ile ile inaweza kusomwa na mhasibu mwenye shahada jijini Nairobi, na mama mwenye duka aliyeishia darasa la saba Sirari, na dereva ambaye shule yake ilikuwa ya Kifaransa huko Bujumbura. Wote watatu wanategemea maneno machache ya kazi: ushuru, dhamana, cheti, dimareji. Mmoja akilielewa neno kwa namna yake, mzigo husimama.

Mjadala wa maneno hayo kwa kawaida huwa na pande mbili. Wapo wanaotaka kila neno lipewe Kiswahili chake sanifu, na wapo wanaoona kwamba mambo ya forodha yana maneno yake ya Kiingereza na hakuna haja ya kuhangaika. Pande zote mbili zinauliza neno gani ni zuri zaidi. Swali lenye faida kwa mfanyabiashara ni jingine: msomaji atalifanyia nini neno hilo baada ya kulisoma? Kama atatakiwa kutoa fedha, kungoja au kupeleka kitu mahali, anahitaji neno analolielewa bila kuuliza. Kama atatakiwa kulitafuta kwenye hati au kulitamka dirishani, anahitaji neno lile lile lililochapwa kwenye hati hiyo.

Sababu ya kutenganisha hali hizo mbili ni ya kisheria. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, uliweka katika ibara ya 137 Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 imeandikwa kwa Kiingereza, na fomu zake zinafuata lugha hiyo. Kwa hiyo mazungumzo ya mpakani yanaendeshwa kwa Kiswahili, lakini karatasi zinazozungumziwa ni za Kiingereza. Barua ya wakala ndiyo daraja kati ya vitu hivyo viwili, na daraja hujengwa kwa kugusa kingo zote mbili za mto.

Neno la kwanza la kuangaliwa ni la Kiswahili kabisa, tena la zamani: ushuru. Anayedhani hatari iko kwenye maneno ya kigeni peke yake alitazame hili vizuri. Nchini Tanzania mamlaka inayokusanya fedha za serikali inaitwa Mamlaka ya Mapato, na neno la jumla la malipo hayo ni kodi. Ushuru kwa Mtanzania ni aina fulani tu ya malipo: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, au ule unaotozwa sokoni na halmashauri. Nchini Kenya mamlaka hiyo hiyo inaitwa Mamlaka ya Ushuru, na ushuru ndilo neno la jumla. Kinachoitwa Kodi ya Ongezeko la Thamani upande mmoja wa Namanga, upande wa pili huitwa Ushuru wa Ziada ya Thamani. Tena Mkenya anaposikia kodi, mara nyingi jambo la kwanza linalomjia ni fedha ya pango la nyumba.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Kajiado aliyenunua Arusha sufuria za alumini zilizotengenezwa Tanzania, zenye thamani ya shilingi 200,000 za Kenya. Thamani hiyo iko chini ya dola 2,000 za Marekani, ambazo ndizo kikomo cha utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo, na sufuria hizo zimo katika orodha ya bidhaa zinazokubaliwa. Kwa hiyo anaweza kupewa cheti rahisi cha uasili na maofisa wa forodha pale pale mpakani. Bidhaa yenye uasili wa Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha inapovuka kwenda nchi nyingine mwanachama. Wakala wake, Mtanzania, anamwandikia sentensi fupi: “Mzigo wako hautatozwa ushuru.”

Kwa Kiswahili cha Arusha sentensi hiyo ni sahihi. Kwa Kiswahili cha Kajiado inasema kwamba serikali haidai chochote. Mteja anakuja na nauli ya gari na fedha za wapakiaji tu. Anapofika dirishani anaambiwa kuwa ushuru wa forodha kweli ni sifuri, lakini VAT ya Kenya, ambayo ni asilimia 16, iko pale pale. Kwa hesabu ya haraka, bila kuongeza gharama za usafiri ambazo nazo huingizwa katika thamani inayotozwa, hiyo ni shilingi 32,000. Hana. Gari linalala, dereva anadai posho ya siku ya pili, na simu inayopigwa kwa wakala usiku huo haina maneno mazuri. Kila mmoja anaamini mwenzake amemdanganya, wakati hakuna aliyesema uongo.

Dawa ya hapa haikuwa Kiingereza. Ilikuwa kulitaja neno kwa ukamilifu wake na kuweka kiasi kando yake: “Ushuru wa forodha ni sifuri kwa sababu una cheti cha uasili. VAT ya asilimia 16 utailipa, si chini ya shilingi 32,000. Njoo nayo.” Maneno “ushuru wa forodha” yanaeleweka kwa maana moja Arusha na Nairobi, ingawa “ushuru” peke yake haueleweki hivyo. VAT nayo, japo ni herufi za Kiingereza, inatamkwa na muuza duka wa Moshi na wa Machakos kwa maana ile ile, na ndiyo anayoiona kwenye risiti yake kila siku. Hapo herufi tatu za kigeni zinafanya kazi ambayo majina mawili ya Kiswahili yanayopishana haziwezi kuifanya kwa msomaji wa upande wa pili.

Neno “cheti” lina kasoro ya namna hiyo hiyo. Barua isemayo “usisahau cheti” humfanya mwenye maharage alete cheti cha afya ya mimea, na mwenye sabuni alete cheti cha ubora, wakati wakala alikuwa akiuliza cheti cha uasili. Kiswahili kina majina ya vyeti vyote hivyo. Kinachoharibu ni kuyafupisha mpaka yakafanana.

Neno la pili ni la kigeni, na limekwisha kuota mizizi bandarini: dimareji. Hapa makosa huja kwa njia iliyo kinyume. Neno limezoeleka mno hivi kwamba kila malipo yatokanayo na kuchelewa huitwa dimareji, na wanaotaka kulikwepa huandika “tozo ya kuchelewa”, maneno ambayo nayo yanafunika mambo mawili au matatu. Mambo hayo hayafanani. Yanalipwa kwa watu tofauti, na kila moja linasimamishwa kwa kitendo chake.

La kwanza ni malipo ya kuhifadhi. Hayo yanadaiwa na bandari au na bandari kavu kwa sababu mzigo unakalia nafasi yao baada ya siku za bure kwisha. Yanakoma siku mzigo unapotoka getini. La pili ni malipo ya kontena lenyewe. Hayo yanadaiwa na kampuni ya meli kwa sababu kontena ni mali yake na linahitajika kubeba mzigo mwingine. Kuna kampuni za meli zinazoyagawa sehemu mbili: kontena likiwa bado bandarini huandikwa DEMURRAGE, likiwa limetoka lakini halijarudishwa huandikwa DETENTION. Kuna nyingine zinazohesabu siku zote pamoja, tangu kontena linaposhushwa hadi linaporudishwa tupu, na kuuita mfululizo huo kwa jina moja. Kwa vyovyote vile, kutoka getini hakusimamishi hesabu ya kampuni ya meli. Hesabu hiyo inasimama siku kontena tupu linapopokelewa kwenye yadi iliyotajwa.

Mfanyabiashara wa Bujumbura anayeleta vigae kwa kontena la futi 40 kupitia Dar es Salaam anaweza kuonyesha tofauti hiyo inavyouma. Tuseme kampuni ya meli imempa siku 14 za bure tangu siku ya kushusha, zikihesabiwa kwa mfululizo mmoja, na baada ya hapo inatoza dola 40 kwa siku. Wakala anamwandikia siku ya 10: “Tozo za kuchelewa zinakaribia kuanza, tuharakishe mzigo utoke.” Mteja anatuma fedha upesi, na siku ya 12 kontena linatoka bandarini. Anashukuru Mungu kwamba amewahi. Siku ya 17 gari linafika Bujumbura kupitia Kabanga. Kwa kuwa ghala lake limejaa, anaamua kuliacha kontena uani na kuuza vigae kutoka humo kidogo kidogo. Linamalizika siku ya 30, na linarudi Dar es Salaam siku ya 36.

Siku zinazotozwa ni 22, kwa hiyo deni ni dola 880, na hukatwa kwenye amana ya kontena aliyoiweka mwanzoni. Kama angepakua siku ya 18 na kontena likarudi siku ya 24, angelipa siku 10, yaani dola 400. Dola 480 zimepotea kwa sababu sentensi ya wakala iliunganisha kuhifadhi na kontena chini ya “tozo za kuchelewa”, na ikamfundisha mteja kwamba mlango wa kutokea ni geti la bandari. Msomaji aliyesoma kwa Kifaransa hasaidiki zaidi kwa kuandikiwa dimareji, maana shuleni neno la jambo hilo lilikuwa jingine kabisa.

Barua iliyomfaa ilikuwa ndefu kwa mistari mitatu tu. “Ndugu mteja, kuna malipo mawili yasichanganywe. Bandari inadai kwa kuhifadhi mzigo, na hayo yatakwisha mzigo ukitoka getini. Kwenye ankara utayaona kwa jina STORAGE. Kampuni ya meli inadai kwa kontena lake, na hayo hayakwishi mpaka kontena tupu lirudi kwenye yadi ya Dar es Salaam. Kwenye ankara utayaona kwa jina DEMURRAGE. Siku za bure za kontena zinakwisha tarehe 14. Kuanzia tarehe 15 ni dola 40 kila siku, hata kama kontena liko uani kwako.”

Katika barua hiyo Kiswahili kinabeba maelezo yote: nani anadai, kwa nini, inaanza lini, inakoma vipi. Neno la Kiingereza limeingia mara moja kwa kila malipo, likiwa kama alama ya kumwezesha mteja kuitambua ankara atakapoifungua kwenye simu. Halikuingizwa kupamba barua, wala halikuachwa lijieleze lenyewe. Baada ya hapo wakala anaweza kuandika “malipo ya kontena” katika barua zote zinazofuata. Akibadilisha leo akaandika dimareji, kesho “tozo ya meli”, keshokutwa “gharama za kuchelewa”, mteja atahesabu malipo matatu.

Zipo hali ambazo neno la kwenye hati halina budi kuongoza. Hati ya shehena ni jina zuri na lenye kueleweka, lakini mpokeaji mzigo anayetakiwa kuipeleka hati halisi kwa ajenti wa meli ataiona imeandikwa B/L, na hata maofisa wataiuliza kwa herufi hizo. Vivyo hivyo namba ya bidhaa katika jedwali la ushuru: fomu zote zinaiita HS code, na mteja akiulizwa kwa simu atajibu kwa jina hilo. Kumwandikia “namba ya uainishaji” bila kumwonyesha inapopatikana ni kumpa ufunguo bila kumwambia mlango. Sentensi ya kutosha ni hii: “Nitumie namba ya bidhaa iliyo kwenye mstari ulioandikwa HS code.”

Hali ya kinyume ni neno dhamana. Katika usafirishaji wa mizigo ya kupita, dhamana ni ahadi ya fedha inayowekwa ili mzigo ukipotea njiani au kuuzwa kabla ya kuvuka mpaka, serikali ipate kodi yake. Ni neno lililokaa vizuri. Lakini kwa raia wa kawaida dhamana ni jambo la polisi na mahakama, na dereva anayetumiwa ujumbe kwamba “dhamana ya gari haijafutwa” anaweza kuamini kuwa anatafutwa. Hapa hakuna haja ya kukimbilia bondi, ambalo wengi hawalijui. Inatosha kuandika “dhamana ya forodha ya mzigo wa kupita”, na kusema kwamba inafutwa baada ya mzigo kuthibitishwa kuwa umetoka nchini.

Wanaotetea Kiingereza husema kwamba barua yenye maneno ya kitaalamu hujenga imani ya mteja. Hoja hiyo ina ukweli kwa wateja wachache, na hata hao hawaondolewi imani na sentensi iliyo wazi. Kwa walio wengi, neno wasilolijua hutoa jibu moja: “Sawa, nimeelewa.” Wakala mzoefu anajua kwamba jibu hilo peke yake ni dalili mbaya. Mteja aliyeelewa hurudi na tarehe, kiasi au swali kama “Yadi inafungwa saa ngapi?” Mteja ambaye hakuelewa hukubali, kisha hupiga simu siku gari limeshafika. Dalili nyingine ni mteja kuuliza “Nimlipe nani?”, maana yake barua ilitaja malipo bila kumtaja mdai.

Wanaotetea usanifu nao husema kwamba Kiswahili hakitakua kama biashara itaendelea kuazima. Lugha ya biashara ya pwani imekuwa ikiazima kwa karne nyingi. Forodha na ankara zenyewe zilifika kwa njia hiyo, na leo hakuna anayeziona kuwa za kigeni. Istilahi mpya hukomaa zikitumika zikiwa zimeshikamana na kitu chake. Mteja aliyeona mara tatu “malipo ya kuhifadhi” pamoja na jina la kwenye ankara atalitumia mwenyewe mara ya nne. Aliyetupiwa istilahi tupu ataiacha na kurudi kwenye dimareji ya kila kitu.

Mzigo huu hata hivyo haupaswi kubebwa na mawakala peke yao. Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndizo zenye wajibu wa istilahi. Wafanyabiashara hawahitaji kamusi nene. Wanahitaji ukurasa mmoja wenye maneno yanayogharimu fedha, ukionyesha kwa kila neno jina lililo kwenye fomu, jina la Kiswahili, namna linavyosemwa Tanzania na Kenya, na neno la Kifaransa kwa ajili ya Burundi na Kongo. Ukurasa huo ubandikwe Namanga, Busia, Malaba, Rusumo, Mutukula na Kabanga, kwenye ukuta ambao watu husimama wakingoja. Mamlaka za mapato nazo ziweke jina la Kiswahili chini ya kila kichwa cha fomu ya cheti rahisi cha uasili, kwa kuwa fomu hiyo iliwekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo.

Wakati hayo yakisubiriwa, mfanyabiashara ana haki ya kudai mambo manne katika kila barua inayotaja malipo: nani anadai, kiasi gani, tangu lini, na nini kitaisimamisha hesabu. Wakala akishindwa kujibu hayo manne kwa Kiswahili cha kawaida, tatizo si msamiati. Huenda yeye mwenyewe hajui malipo hayo ni ya nini, na hilo ni afadhali lijulikane kabla gari halijaondoka.